Wakala wa ajira akileta maombi yasiyofaa: tafuta hitilafu kwenye masharti yako

Mfano ninaoutumia hapa ni wa kutunga, ila meneja yeyote aliyewahi kuajiri kupitia wakala atautambua. Kampuni inayouza vifaa vya ujenzi kwa jumla, ghala lake liko upande wa viwandani mjini Kisumu, matawi yako Ahero na Luanda, inatafuta afisa wa hesabu. Tangazo likaandikwa hivi: digrii ya biashara, CPA (K), uzoefu wa miaka 5, ufahamu wa sheria za kodi, QuickBooks, KCSE alama ya B au zaidi, umri usiozidi miaka 35, mkazi wa Kisumu, cheti cha maadili mema kiambatishwe, na awe mchapakazi asiyesukumwa. Wakala aliye Nairobi akatuma maombi 24. Meneja wa fedha akayasoma, akabakiza mawili, na hayo mawili nayo kwa kusitasita.

Watu wengi wakifika hapo humpigia wakala simu na kulalamika. Wakala huomba radhi na kutuma maombi mengine 20, nayo hugeuka kuwa yale yale, kwa kuwa chujio analotumia halijabadilika. Kule kwa wakala, anayechuja mara nyingi ni kijana wa ofisi mwenye nafasi kadhaa za kujaza wiki hiyo hiyo. Hajui kazi ya hesabu. Ana tangazo lako mbele yake na anaweka alama ya tiki. Masharti 10 kwake yana uzito sawa, hadi umwambie vinginevyo kwa maandishi.

Basi kabla ya kumwandikia, rudi kwenye yale maombi uliyoyakataa. Kwenye kila moja andika sababu moja tu, kwa maneno machache: "ghali", "hajawahi kushika mishahara", "anasoma bado". Kisha panga marundo. Katika mfano wetu, 9 walikuwa wakubwa kuliko kazi yenyewe, 8 walikuwa na maneno yote ya tangazo lakini hakuna kazi iliyoonekana, 3 ndio wametoka chuoni, na 2 walikuwa wakaguzi wa ndani, ambayo ni kazi nyingine kabisa. Rundo kubwa ndilo linalokuambia uanzie wapi.

Dalili: wanaokuja ni wakubwa kuliko kazi

Wale 9 walikuwa wahasibu wakuu na mameneja wa fedha. Sababu ni tangazo kudai CPA (K), digrii na miaka 5 kwa pamoja, bila kutaja mshahara. Mtu aliyemaliza mitihani yote ya CPA ya KASNEB, bodi ya mitihani ya uhasibu, ana digrii, na amefanya kazi miaka 5, anatafuta kiti cha kusimamia wengine. Akikuta kazi yenyewe ni kuandaa mishahara ya watu 42 na kulinganisha daftari na taarifa ya benki, atakataa, au atakubali kisha aondoke akipata pengine pazuri.

Swali la kujiuliza ni hili: kazi yake itakaguliwa na nani? Ikiwa juu yake yuko meneja wa fedha mwenye CPA (K) anayepitia kila ritani kabla haijatumwa, basi CPA (K) ya pili si ya lazima. Aliyemaliza ngazi ya kati ya CPA anatosha. Wale waliosoma mtaala wa zamani wataandika "Sehemu ya 4" badala ya ngazi, na wakala asipoambiwa hilo atawatupa. Mambo hubadilika ikiwa afisa huyo atafunga hesabu za mwaka peke yake, hakuna wa kumsahihisha. Hapo CPA (K) iache ilipo na uongeze mshahara.

KCSE nayo iangalie vizuri. KASNEB yenyewe inadai C+ kwa anayeingia CPA moja kwa moja kutoka sekondari. Wapo walioingia kwa mlango wa stashahada ya ufundi wa uhasibu, wakapanda polepole huku wakifanya kazi. Ukidai B, unawakata hao, ambao mara nyingi ndio wenye mikono iliyozoea kazi. Mtihani wa kidato cha nne wa mtu mwenye miaka 31 haukuambii kitu ambacho mitihani ya CPA haijakuambia.

Na mshahara utaje. Wako mawakala wanaolipwa asilimia ya mshahara wa mtu waliyemleta, kwa hiyo usipoweka kikomo, hesabu yao wenyewe inawasukuma kuleta mtu ghali.

Dalili: maneno yote yapo, kazi haionekani

Rundo hili ndilo linalochosha kuliko yote, kwa sababu kila wasifu unaonekana sawa hadi uanze kuuliza. Tangazo lilidai "ufahamu wa sheria za kodi", na watu 8 wakaandika kwamba wana ufahamu wa sheria za kodi. Umeomba maneno, umepewa maneno.

Dawa ni kuomba tendo, kisha kumwonyesha wakala alama ambazo tendo hilo huacha kwenye wasifu. Chukua mishahara. Kila mwezi mwajiri anawasilisha PAYE kupitia iTax kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata, kwa ritani inayoitwa P10. Kwa miaka mingi imekuwa faili la Excel unalolipakua iTax, unalijaza mfanyakazi mmoja mmoja, unabonyeza `Validate`, na likikubali linakutolea faili la zip la kupakia. Ritani hiyo ikichelewa, faini ni asilimia 25 ya kodi yenyewe au shilingi 10,000, ile iliyo kubwa. Aliyefanya kazi hii mwenyewe huandika idadi ya wafanyakazi, mwezi kwa mwezi, na mara nyingi hutaja P10 kwa jina. Aliyeiona kwa mbali huandika "nilisaidia masuala ya KRA".

Wasifu pekee hautoshi, kwa hiyo mpe wakala swali moja la kuuliza kwa simu. Mimi napenda hili: "Makato ya SHIF na tozo ya nyumba, unayatoa kabla ya kukokotoa PAYE au baada?" Jibu ni kabla. Sheria ilibadilika tarehe 27 Desemba 2024. Hapo awali kulikuwa na nafuu ya kodi iliyokokotolewa kwa njia tofauti. Kwa mshahara wa shilingi 50,000, SHIF ni asilimia 2.75, yaani 1,375, na tozo ya nyumba asilimia 1.5, yaani 750. Hizo 2,125, pamoja na NSSF, zinaondolewa kwanza, na PAYE inapigwa kwa kinachobaki.

Mweleze wakala asome majibu namna hii. Anayesema "kabla" bila kusita, anashika mishahara sasa hivi. Anayesema "baada, halafu kuna nafuu" aliwahi kuishika lakini aliiacha kabla ya 2025. Huyo msimtupe, atajifunza mabadiliko asubuhi moja. Anayesema "mfumo unafanya wenyewe" huenda ni mzuri, huenda amezoea kubonyeza tu, basi mwandikeni alama ya kuuliza na mtuachie sisi. Anayeuliza SHIF ni nini, hapana. Kijana wa wakala asiyejua uhasibu anaweza kutenganisha majibu hayo manne bila shida.

Kuhusu programu, tatizo ni jepesi. Tangazo likisema QuickBooks, wakala atamkata aliyetumia Sage au Tally, ilhali mtu wa mojawapo huzoea nyingine bila taabu kubwa. Andika zote tatu na neno "yoyote".

Dalili: wanaofaa hawafiki kabisa

Hii huwezi kuiona kwenye marundo, maana waliokatwa kule hujawahi kuwaona. Mwombe wakala akueleze ni sharti lipi liliangusha watu wengi. Usiombe majina wala wasifu wa waliokatwa. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na wewe unahitaji idadi tu. Tuseme wakala wetu anajibu kwamba waliomba watu 160, na sharti lililoua wengi kuliko yote ni cheti cha maadili mema. Watu 61 walikatwa kwa kutokiambatisha.

Hapo hitilafu iko wazi. Mtu mwenye kazi yake huko Kakamega au Kericho hatalipia cheti cha polisi na kupanga foleni ya alama za vidole kwa ajili ya tangazo ambalo huenda lisijibiwe. Wanaokuwa nacho mkononi mara nyingi ni wale walio katikati ya kutafuta kazi. Tena marekebisho ya Sheria ya Ajira ya 2022 yanamruhusu mwajiri kudai vyeti vya aina hiyo pale tu anapokusudia kumpa mtu mkataba wa maandishi. Kiondoe kwenye maombi, kirudishe baada ya mahojiano ya mwisho.

"Mkazi wa Kisumu" nalo ni sharti lililovaa nguo ya jingine. Unachotaka ni mtu atakayekuwa dukani saa mbili asubuhi, Jumatatu hadi Jumamosi. Sema hivyo, na anayeishi Maseno atajipima mwenyewe kama ataweza na matatu za asubuhi.

Umri ufute. Katiba, Ibara ya 27, inataja umri kati ya misingi ambayo mtu hapaswi kubaguliwa kwayo. Sheria ya Ajira ya 2007 nayo inataja mengine, yakiwemo jinsia, ujauzito, dini, asili ya kabila na lugha, ingawa inaruhusu sharti ambalo kazi yenyewe haiwezi kwenda bila hilo. Hesabu za mishahara haziendi kwa Dholuo wala Kiluhya. Na ikiwa mtu wa kampuni alimnong'oneza wakala kwa simu kwamba "tungependa kijana wa kiume", barua yako iseme waziwazi kwamba kigezo hicho hakipo, vinginevyo kitaendelea kufanya kazi kimyakimya.

Dalili: maombi yote yana sura moja

Herufi zile zile, mpangilio ule ule, na nembo ya wakala juu. Wakala ameuandika upya kila wasifu, na katika kufupisha amekata idadi ya wafanyakazi na jina la programu, yaani zile alama ulizokuwa unazitafuta. Omba wasifu kama mwombaji alivyouandika. Ukurasa wa wakala uje juu yake, si badala yake.

Kipimo cha neno "lazima"

Kwa kila sharti, jaza sentensi hii: "Mtu akiwa hana hili, kazi ya ... itakwama tarehe ...". Ukishindwa kujaza nafasi zote mbili, sharti si la lazima. Kisha jiulize kama anaweza kufundishwa kabla ya tarehe hiyo. P10 inapita: mwenye kazi anaanza tarehe 1, ritani inatakiwa kufikia tarehe 9, na meneja hana wiki ya kumfundisha mtu kutoka sifuri. VAT inapita kwa shida kidogo, kwa sababu mwisho wake ni tarehe 20. Digrii haipiti. QuickBooks hasa haipiti. "Mchapakazi asiyesukumwa" hata usiijaribu. Hakuna aliyewahi kuandika kwamba yeye ni mvivu.

Katika mfano wetu, masharti 10 yalibaki 3. Nimeona mameneja wakiogopa hapa, wakidhani watafurikiwa na maombi. Idadi ya masharti haichuji kama ugumu wa kuyathibitisha, na matatu yenye ushahidi yanakata watu wengi kuliko kumi yasiyo nao.

Barua yenyewe

Ipeleke kwa barua pepe, moja kwa moja kwa anayechuja, nakala kwa mkubwa wake.

> Kwa Bi. Afisa wa Ajira,
>
> YAH: NAFASI YA AFISA WA HESABU, KISUMU – MASHARTI YALIYOREKEBISHWA
>
> Salamu za kazi. Asante kwa maombi 24 mliyotutumia. Tumeyasoma yote na tumeona kwamba tangazo letu halikuwaonyesha lipi ni la lazima na lipi si la lazima. Tafadhali tumieni barua hii badala ya orodha ya masharti iliyo kwenye tangazo.
>
> Kazi yenyewe: kuandaa mishahara ya wafanyakazi 42, kuwasilisha PAYE kufikia tarehe 9 na VAT kufikia tarehe 20 kila mwezi, kulinganisha daftari na taarifa za benki na za M-Pesa za matawi 2, na kuwafuatilia wauzaji wanaotuletea mali bila ankara ya eTIMS. Kazi yote inapitiwa na meneja wa fedha.
>
> Ya lazima ni matatu. Akikosa hata moja, msimtume.
>
> 1. Ameandaa mishahara na kuwasilisha P10 yeye mwenyewe kwa angalau mwaka mmoja, kwa wafanyakazi wasiopungua 10. Kwenye wasifu tafuteni idadi ya wafanyakazi na neno P10 au PAYE pamoja na "kila mwezi". Msipoona, mpigieni simu muulize kabla ya kumkata.
>
> 2. Amemaliza ngazi ya kati ya CPA. Aliye na Sehemu ya 4 ya mtaala wa zamani tunamkubali. "Anaendelea na masomo" haitoshi bila kutaja ngazi aliyomaliza.
>
> 3. Ametumia programu ya uhasibu kazini: QuickBooks, Sage au Tally, yoyote.
>
> Ya nyongeza: kuwasilisha VAT, na kufanya kazi katika biashara yenye tawi zaidi ya moja. Yanasaidia kupanga nani awe wa kwanza. Yasitumike kumkata mtu.
>
> Tumeondoa: digrii, CPA (K), alama ya KCSE, umri, na makazi. Cheti cha maadili mema tutakiomba sisi kwa tutakayekusudia kumpa mkataba. Hatuna upendeleo wa jinsia wala kabila, na kama mliwahi kusikia tofauti, lisahauni.
>
> Mshahara ni kati ya shilingi 45,000 na 55,000 kabla ya makato. Kazi ni Jumatatu hadi Ijumaa, saa mbili hadi saa kumi na moja, na Jumamosi hadi saa saba. Mwambieni mwombaji mambo haya mawili kabla ya kututumia jina lake.
>
> Tunaomba maombi 3 kwanza. Kila moja lije na wasifu wa asili, na juu yake mstari mmoja kwa kila sharti la lazima, ukisema ushahidi uko ukurasa gani au alisema nini kwa simu. Swali la simu na majibu yake tumeyaambatisha. Tutawajibu ndani ya siku 2 za kazi, kila ombi na sababu yake, ndipo mtume mengine.
>
> Wenu,
> Meneja wa Fedha

Ile aya ya maombi 3 usiifute kwa kudhani ni urembo. Ukiomba 20 kwa mpigo, kosa moja la kuelewa litajirudia mara 20 na hutakuwa na nguvu ya kuyajibu moja moja. Na hizo siku 2 zitimize. Wakala asipopata jibu huhamia kwa mteja mwingine, na watu wazuri aliowapata huenda nao.

Kusoma kundi la pili

Tuseme maombi 3 yamefika. La kwanza linafaa kabisa. La pili ni la dada anayeshika mishahara ya watu 15 katika shule moja ya binafsi, ametumia Tally, hajawahi kugusa VAT. Anapita, na ukiona umeanza kumkataa kwa sababu ya VAT, basi VAT ilikuwa ya lazima moyoni mwako na barua ikasema vingine. Amua moja, usimwachie wakala abahatishe.

La tatu linafundisha zaidi. Ameandika kwamba "amewasilisha ritani zaidi ya 300 kwa iTax". Ukimpigia simu unakuta ana saiba, na ritani hizo ni za watu binafsi wanaokuja mwezi wa sita na kutuma sifuri. Wakala hakukosea, aliona iTax, akaona ritani, akatia tiki. Jibu lako liwe sentensi moja ya kuongeza chini ya sharti la kwanza: "Ritani za watu binafsi hazihesabiwi, P10 alizowasilisha kwa niaba ya wateja wa ofisi ya uhasibu zinahesabiwa." Nusu ya pili ni ya muhimu, kwa sababu mtu wa ofisi ya uhasibu anayeshughulikia P10 za waajiri kadhaa ameona makosa mengi kuliko aliyekaa kampuni moja. Bila nusu hiyo, wakala atawakata wote wawili.

Kuna hali moja ambayo barua haiiwezi. Wakianza kufika watu wanaofaa, ushahidi upo, majibu ya simu ni sawa, lakini mmoja baada ya mwingine anajitoa akisikia mshahara au Jumamosi, masharti yako yameshanyooka. Muulize wakala kila aliyejitoa alitaja kiasi gani, ziweke hesabu hizo kwenye karatasi moja, uzipeleke kwa mwenye kampuni pamoja na faini ya PAYE ya mwezi uliochelewa.